Imenigusa, Mwalimu

Hadithi yenyewe ni fupi, haifiki hata kurasa mbili za daftari. Mvulana anacheza mpira wa wavu, mpira unamgusa kidole bila mtu kuona, refa anaipa timu yake pointi, yeye anasema kweli na pointi inarudi kwa wenzao. Nilidhani ningeiandika jioni moja. Nimeiandika mara nne, na tatu za kwanza zilikataliwa na Darasa la Tano.

Refa wa siku ile nilikuwa mimi. Ilikuwa mechi ya shule mbili za kata moja, huku kwetu pwani ya Tanga, kwenye uwanja wa mchanga ambao mistari yake ni kamba zilizokazwa kwa vigingi. Nguzo ni boriti za mkoko, na wavu ni kipande cha jarife kuukuu tulichopewa na mzazi mmoja mvuvi. Sheria inataka refa wa kwanza asimame juu kiasi kwamba macho yake yaupite wavu kama nusu mita, aone mikono ya wazuiaji kutoka juu. Mimi nilisimama kwenye benchi la darasani lililozama mchanga upande mmoja. Macho yangu yalikuwa sawasawa na kamba ya juu, jua la alasiri likinipiga usoni, na sikuwa na refa wa pili wala washika vibendera. Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia "refa hakuona" hudhani refa mzembe. Tachi ya kidole ni kitu kigumu kukiona hata kwa mwenye kiti kizuri. Mara nyingi unaijua kwa dalili: mpira uliokuwa ukizunguka unaacha kuzunguka ghafla, au unapotoka kidogo na njia yake. Au mzuiaji mwenyewe anatua chini na kutazama mkono wake.

Matokeo yalikuwa 14 kwa 13 kwenye seti ya mwisho, ile inayoishia 15. Waliokuwa mbele walisevu. Wenzao wakapokea vizuri, mpira ukapaishwa pembeni, mshambuliaji wao akauchapa. Kijana wa upande uliosevu akaruka kuzuia. Mpira ukapita juu ya mikono yake, ukaenda kuangukia nyuma kabisa ya uwanja wao, nje ya kamba. Nikapuliza filimbi nikaonyesha auti. Kwa hiyo 15 kwa 13, mechi imekwisha. Watoto wakaingia uwanjani wakishangilia, na mtunza pointi akaandika 15 kwa chaki kwenye kibao.

Yule kijana hakushangilia. Alikuwa amesimama palepale chini ya wavu, ameshika kidole cha pete cha mkono wa kulia. Akaja hadi kwenye benchi langu, akasema kwa sauti ya chini, "Imenigusa, mwalimu."

Kwa asiyeujua mchezo, maneno hayo mawili yalibadili kila kitu. Mpira uliopigwa ukatoka nje bila kuguswa ni kosa la aliyepiga. Ukiwa umemgusa mzuiaji, hata kwa ncha ya kucha, ndipo ukatoka, kosa ni la mzuiaji na pointi ni ya aliyepiga. Nikatoa ishara ya tachi: mkono mmoja umesimama, kiganja cha mwingine kikipangusa vidole vyake. Ikawa 14 kwa 14, na seva ikahama. Mtunza pointi akalowesha kidole kwa mate, akaifuta ile 15. Timu ya yule kijana ikafungwa 16 kwa 14.

Miaka imepita. Mwaka jana nilipopewa kipindi cha kusoma hadithi Darasa la Tano nikamkumbuka, nikampa jina la Shomari, nikaketi kuandika.

Rasimu ya kwanza niliisomea darasa siku ya Ijumaa. Nilianza kama tulivyoanziwa na bibi zetu: hadithi, hadithi! Wakaitikia kwa furaha: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Msichana wa dawati la mbele akacheka. "Mwalimu, hadithi ya msema kweli tunaiita uongo?" Sikuwa na jibu. Nimeuacha mwanzo huo hivyohivyo, maana kicheko chake kinalifungua darasa kuliko sentensi yoyote niliyoiandika mimi.

Nikasoma. Kufika mwisho, kabla sijafunga daftari, mikono kumi ikawa juu. Sijauliza swali lolote! Nikamchagua mmoja, akasimama wima: "Tunajifunza kuwa tunapaswa kuwa wakweli." Mwingine akaongeza kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Wote walikuwa sahihi, na wote walikuwa hawajaisikiliza hadithi. Lile swali la "tunajifunza nini" wamelijibu tangu Darasa la Kwanza, wanalijua lilipo kama wanavyojua mlango wa choo. Mapumziko yalipofika niliwatazama dirishani wakicheza rede. Mmoja wa wale kumi mpira ulimpiga ubavuni, nimeona kwa macho yangu, naye akaapa kwa mama yake kwamba umepita.

Jumatatu nikarudi na swali jingine. Sikuuliza tumejifunza nini. Niliuliza: kuna kitu hamjakiamini katika hadithi hii? Hapo ndipo nikafundishwa.

Mvulana mmoja anayecheza na wakubwa jioni akaniuliza, "Mwalimu, pointi iko wapi?" Sikumwelewa. Akaja ubaoni. Katika rasimu yangu Shomari anakiri, wenzao wanapata seva, na matokeo yanabaki 14 kwa 13. Nilikuwa nimeandika kwa mazoea ya utoto wangu. Enzi zetu pointi aliipata anayesevu tu, na asiyesevu akishinda mpira alichukua seva bila kuongeza kitu. Utaratibu huo ulibadilishwa mwaka 1998, shirikisho la kimataifa lilipoamua kwamba kila mpira uzae pointi, awe amesevu nani. Shuleni kwetu habari zilichelewa, na kichwani mwangu inaonekana hazijafika hadi leo. Watoto hawa hawajawahi kuujua mchezo mwingine zaidi ya huu wa sasa.

Ila hakuishia kunisahihisha. Aliandika ubaoni 15–13, chini yake 14–14, akasema, "Hajarudisha pointi moja. Moja imetoka kwetu, moja imeenda kwao. Ni mbili." Darasa likanyamaza wakihesabu. Ni kweli. Kwa sheria ya zamani, kukiri kwa Shomari kungegharimu seva tu, na timu yake ingebaki mbele ikiwa na nafasi ya kuirudisha. Kwa sheria ya sasa anautoa ushindi uliokwisha kuandikwa kwa chaki, anaanza upya kwa sare, na mpira uko mikononi mwa wenzao. Mimi niliyesimama pale siku ile na kutoa ishara kwa mikono yangu sikuwahi kuipiga hesabu hiyo. Nilimwona kijana mwaminifu, basi. Mtoto wa miaka 11 aliona bei.

Swali la pili lilitoka kwa yule msichana wa mbele. "Iligusa wapi?" Nikamwambia mkononi. "Wapi mkononi?" Nilikuwa nimeandika kwamba mpira ulimgusa Shomari, nukta. Akaniambia kama ulimgusa hivyo tu, kwa nini hakuna aliyeona? Na kama uligusa kidogo sana, Shomari alijuaje? Huyu angefaa kuwa wakili. Kwa kweli hadithi nzima imening'inia kwenye maswali hayo mawili: mguso lazima uwe mdogo kiasi cha kumpita refa na mkubwa kiasi cha kutompita Shomari. Ukikosea upande mmoja, refa ni kipofu; ukikosea wa pili, Shomari anabahatisha.

Basi jioni ile nikatoka uwanjani na vijana wawili, nikasimama mimi kama mzuiaji, nikawaambia wapige. Sijaruka siku nyingi, magoti yalilalamika. Mpira wa tano au wa sita ukanipata nilivyotaka. Nilichogundua ni kwamba maumivu hayaji. Kinachokuja kwanza ni ukucha kupinda kidogo, kama unapokwama kwenye uzi wa shuka, na mlio mkavu ambao wewe unausikia kwa mfupa na mwenzako wa hatua mbili hausikii kabisa. Joto la kidole linafuata baadaye, umeshatua chini. Yaani Shomari anajua kabla hajajua. Anatua, watu tayari wanapiga kelele, ndipo kidole kinamwambia. Nikaelewa kwa nini yule kijana wangu alikuwa amekishika kidole bila kusema neno, na kwa nini alichukua muda kunijia. Sikuwa nimemwona akisita. Nilikuwa nimemwona akichelewa.

Rasimu ya pili ikawa na kidole cha pete, ukucha na hesabu ya 14 kwa 14. Lakini nikaharibu mwisho. Niliona huruma, nikaipa timu ya Shomari ushindi wa 17 kwa 15. Mwalimu mwenzangu, mpenzi wa michezo ya kwenye televisheni, akanishauri niongeze na kadi ya kijani. Kadi hiyo ipo kweli: ilianza kuonekana kwenye Ligi ya Mataifa ya mpira wa wavu mwaka 2023, na refa humwonyesha mchezaji anayekiri mwenyewe kosa kama hili la kuguswa na mpira. Nikamwandikia refa wa Shomari kadi ya kijani mfukoni, akaitoa, uwanja mzima ukapiga makofi.

Darasa lilifurahi, sitadanganya. Kisha yule mtaalamu wa hesabu akasema, "Hata mimi kwa kadi ningesema." Wakacheka wote, nami nikacheka, na rasimu ikafa palepale.

Nilivyozidi kuifikiria kadi ile nikaona haingeweza kukaa kwenye mchanga wetu hata kama watoto wangeikubali. Kwenye ligi ile kuna kamera. Timu ikipinga uamuzi, video inarudishwa polepole na kidole kinaonekana kikipinda mbele ya watu wote. Mchezaji anayekiri kule anaokoa muda na anafanya jambo la heshima, lakini anajua kwamba akinyamaza huenda akaumbuliwa baada ya dakika moja. Shomari hana kamera. Ana refa kwenye benchi bovu na jua machoni. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Kadi ile ni nzuri mahali pake, ila hadithi yangu inaishi pale ambapo hakuna wa kuitoa.

Ya tatu niiseme haraka. Timu inafungwa, halafu wenzake wanamzunguka Shomari, wanambeba juu, wanaimba. Darasa halikucheka safari hii. Walinitazama kwa ule upole wa watoto wanaomwona mtu mzima akijidanganya. Mvulana mmoja wa nyuma, mpole, hasemagi kitu, akasema, "Wangemnunia." Akatafakari. "Mimi ningemnunia mpaka Jumatano."

Nikarudi kwenye kumbukumbu yangu nikakuta ni kweli, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiificha. Siku ile hakuna aliyembeba. Mwalimu wa timu yake, namwacha bila jina, alinijia baada ya mechi akiwa amekasirika. Alisema uamuzi ni wa refa, mtoto hana haki ya kuubadili, nami nilipaswa kushikilia auti yangu. Hoja yake ya kwanza ina ukweli: uamuzi ni wa refa, na mchezaji haamui chochote. Lakini refa anaweza kuubadili uamuzi wake mwenyewe akijua amekosea, na ndicho nilichofanya. Halafu kitabu cha sheria, kwenye kanuni ya 20 inayohusu mwenendo, kinawataka wachezaji wasifanye lolote lenye lengo la kuficha makosa ya timu yao. Nimeisoma kanuni hiyo mara nyingi. Haisemi "kirini". Inasema msifiche. Kati ya hayo mawili kuna nafasi pana, na wachezaji wengi wazuri wanaishi humo maisha yao yote: hawaombi auti, hawakatai tachi, wanatazama chini wakifunga kamba za viatu. Mimi mwenyewe nilicheza miaka kadhaa nikiishi humo. Mikono yangu haikuwa na mpira wa kukumbukwa kama ule, lakini kamba za viatu nilizifunga sana.

Rasimu ya nne basi haina makofi. Timu ya Shomari inafungwa 16 kwa 14: pointi moja kwa seva iliyowashinda kupokea, nyingine kwa sababu mwenzake aligusa wavu. Nilitaka kosa la mwisho lisiwe la Shomari, ili msomaji asipate pa kujificha kwa kusema alichanganyikiwa. Refa anamwambia neno moja tu, "Nimekusikia," na anatoa ishara. Mtunza pointi anafuta 15 kwa mate, na doa la chaki linabaki likionekana chini ya 14. Watoto walilipenda doa hilo kuliko kitu kingine chochote, na ni kitu nilichokiona, sikukibuni.

Baadaye wenzake wanaondoka wawili wawili. Shomari anabaki kukunja wavu na kung'oa vigingi, kwa kuwa ni zamu yake. Nyumbani mdogo wake anamuuliza, "Mmeshinda?" Anajibu, "Hatujashinda." Mdogo wake anauliza tena, "Mlikaribia?" Shomari anakitazama kidole cha pete, ukucha umeanza kuwa mweusi upande mmoja. "Tulikaribia." Hapo hadithi yangu imeishia.

Niliposoma hiyo, mikono haikupanda. Palikuwa na ukimya, kiti kikalia mahali. Yule mpole wa nyuma akauliza kama Jumatano ilifika. Nikamwambia katika hadithi haijafika bado. Akaridhika, au alijifanya ameridhika. Msichana wa mbele akataka kujua kwa nini Shomari hakumweleza mdogo wake yaliyotokea, na wakabishana kipindi kizima. Wengine walisema aliona aibu, wengine kwamba angeonekana anajisifu. Mtaalamu wa hesabu alisema hakumwambia kwa sababu mdogo wake angeuliza sasa ulisema kwa nini, na Shomari hajui. Sikuingilia.

Kwa wanaotaka kuwasimulia watoto wao, shauri langu ni dogo: mpeni mtoto mpira, mwache azuie mara chache kabla ya hadithi, wavu ushushwe mpaka aufikie kwa kuruka. Wangu wanaruka kwenye kamba ya mita mbili na kidogo. Asiyewahi kukunjwa ukucha anaisikia hadithi hii kama methali. Aliyewahi anaisikia kwa kidole.

Wiki mbili baadaye, jioni ya mazoezi, nilikuwa kwenye benchi lilelile, sasa limewekewa tofali upande uliozama. Yule aliyesema "hata mimi kwa kadi ningesema" alikuwa mbele, upande wa kulia. Matokeo 9 kwa 9, mechi ya mazoezi isiyo na faida kwa yeyote. Mpira ukachapwa, akaruka, ukapita ukatua nje. Sikuona kitu. Nikapuliza, nikaonyesha auti.

Akakitazama kidole. Akakisugua kwa dole gumba. Akaninyanyulia macho, na nikajua uwanja mzima unasubiri jambo moja, maana wote wameisikia hadithi. Akaja hadi kwenye benchi.

"Mwalimu," akasema, "sijui kama imenigusa."

Nikamuuliza hajui kivipi. Akasema alisikia mlio, lakini labda ni wavu, kwa sababu mkono wake mwingine uliupitia karibu sana. Akanionyesha vidole vyote vitano, kama kwamba mimi ningeweza kusoma. Upande wa pili wakapiga kelele kwamba imegusa, upande wake kwamba haijagusa, na mvulana amesimama katikati akikunja uso, anajaribu kukumbuka kitu kilichodumu chini ya kupepesa jicho. Katika rasimu zangu zote nne hakuna Shomari wa namna hii.

Nilinyanyua madole gumba mawili, ishara ya kurudia. Mtunza pointi hakufuta kitu. Mpira ukarudi kwa aliyekuwa akisevu, 9 kwa 9.